Kwa nini "not" nyingine yapindua sentensi na nyingine yaiacha? Barua moja ya kontena, sentensi tano

KaraniShimanzi

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni barua za Kiingereza: kwa kampuni za meli, kwa wenye yadi, na mambo yakiharibika, kwa mawakili. Wiki hii wakili wa mteja wetu ameandika barua ya madai, na imepita mezani kwangu ili nihakiki tarehe na namba. Kiingereza chake kimenyooka na sina shaka nacho. Ila kuna jambo limenikaa kichwani. Nimetoa majina na kuacha sentensi tano, zote zaanza na neno la kukanusha:

1. At no time did our client receive any notice.
2. Not long afterwards, the container was moved to another yard.
3. Not until the storage charges had been paid was the container released.
4. Not only was the seal broken, but three cartons were missing as well.
5. Hardly any of the goods were fit for sale.

Ya kwanza, ya tatu na ya nne zimepinduliwa: kitenzi kisaidizi kimeruka kikakaa mbele ya kiima, kama mtu anayeuliza swali. Ya pili na ya tano zimeachwa kama zilivyo. Na hiyo ya tatu imepinduliwa huku mwishoni, si pale mwanzo karibu na "not until".

Naomba msinipe orodha ya maneno ya kukariri. Orodha ninayo: "never", "seldom", "rarely", "hardly", "under no circumstances" na wenzao. "Hardly" imo kwenye orodha, na hapa haikupindua kitu. Nataka kujua kinachoamua ni nini.

NahodhaTudor

Ndugu karani, shida ya barua hiyo naiona mimi. Ni kauli ya kutendwa. "Was moved", "was released", "was broken". Na nani? Wakili anayejua kazi yake hutaja mtenda. Angeandika "You moved the container", maneno yangekuwa wazi na hayo ya kupindua yasingehitajika kabisa.

KaraniShimanzi

Shukran nahodha, ila hilo ni jambo jingine. Sentensi ya kwanza ni ya kutenda, "our client receive", na bado imepinduliwa. Ya pili ni ya kutendwa na haikupinduliwa. Kwa hiyo kutenda na kutendwa siko kunakoamua.

NahodhaTudor

Sawa. Lakini mtenda atajwe.

KalamuNyeusi

Mimi niko chuo, mwaka wa tatu, na hili nilishalifikiria. Jiulize swali moja tu: jambo lilitokea au halikutokea? Mteja alipata ilani? Hakupata. Basi pindua. Kontena lilihamishwa? Ndiyo, lilihamishwa, muda mfupi baadaye. Basi usipindue. Neno la kukanusha likiwa mwanzoni na jambo lenyewe halikutokea, kitenzi kisaidizi chapanda mbele. Ndio siri yote.

MamaZuhura_Kisauni

Kalamu, ngoja kidogo mwanangu. Kwa hesabu yako ya nne ingekuwaje? Sili ilivunjika au haikuvunjika? Ilivunjika, tena wakili analalamika kwamba imevunjika. Na ya tatu, kontena lilitolewa mwishowe. Mambo yote mawili yalitokea na sentensi zimepinduliwa.

Naingia humu kwa sababu binti yangu yuko kidato cha nne, na haya ndiyo yanayomsumbua kwenye Karatasi ya Pili ya KCSE. Kule mwisho kwenye sarufi wanapewa sentensi, waambiwa waiandike upya bila kubadili maana, waianze na neno fulani. Juzi alipewa hii:

The ferry had hardly left Likoni when it started to rain. (Begin: Hardly)

Akaandika "Hardly the ferry had left Likoni when it started to rain", akakosa. Akapewa nyingine ya kuanza na "No sooner", akaandika "No sooner had the ferry left Likoni when it started to rain", akakosa tena, na safari hii alikuwa amepindua vizuri. Sasa hajui ashike lipi.

MaalimMstaafu

Nimefundisha Kiingereza shule za sekondari za Pwani hadi nikastaafu, na swali la karani ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Nitalijibu polepole.

Kalamu yuko karibu na jibu. Aliloliona ni la kweli kwa sentensi mbili za kwanza, lakini Mama Zuhura amemshika pale pale panapovuja. La kuuliza si kama jambo lilitokea. La kuuliza ni kama ukanushi ule wa mwanzo ni mali ya sentensi nzima au ni mali ya kijisehemu kile kidogo ulichokaa ndani yake.

Hili laweza kupimwa kwa kalamu. Chukua "not" kutoka mwanzoni, irudishe ilikotoka, yaani baada ya kitenzi kisaidizi, kisha usome. Maana ikibaki ile ile, ukanushi ulikuwa wa sentensi nzima, na ukiuweka mwanzoni ni lazima upindue. Maana ikivurugika, usipindue.

Sentensi ya kwanza ukiirudisha:

Our client did not at any time receive notice.

Maana ni ile ile. Kwa hiyo "at no time" yapindua. Ya pili nayo:

The container was not moved long afterwards.

Hii sasa yasema jambo jingine kabisa, kwamba kontena halikuhamishwa muda mrefu baadaye. Wakili hakusema hivyo. Yeye amesema lilihamishwa, na "not" yake yakanusha "long" peke yake: si muda mrefu. Ukanushi umefungiwa mle ndani ya "not long afterwards", haukifikii kitenzi, basi kitenzi hakina sababu ya kusogea.

Ya tatu:

The container was not released until the storage charges had been paid.

Hakuna kilichobadilika. Na ya nne:

The seal was not only broken. Three cartons were missing as well.

Imekaa sawasawa. Hapa ndipo kipimo cha Kalamu kilipokwama na hiki kikapita. Sili ilivunjika, ndiyo, lakini sentensi inakanusha kitu: inakanusha kwamba kuvunjika kwa sili ndiyo hasara pekee. Ukanushi huo umekaa kwenye kitenzi. Vivyo hivyo ya tatu inakanusha kwamba kontena lilitolewa wakati wowote kabla ya malipo.

Ya tano ni ya aina yake, na hapo orodha za kukariri huwatupa watu. "Hardly any of the goods" ndiyo kiima chenyewe. Hakuna kitu kilichotolewa mahali pake kikaletwa mbele; kiima kimekaa kilipo siku zote, na kitenzi kimefuata. Hata ukitaka kupindua, utapindua nini mbele ya nini? Linganisha hizi mbili:

Not a single carton was intact.
Not a single carton did they return.

Maneno manne ya mwanzo ni yale yale. Katika ya kwanza katoni ndiyo kiima, basi hakuna mpinduo. Katika ya pili kiima ni "they", na katoni ni yambwa iliyovutwa kutoka mwisho ikaletwa mbele pamoja na ukanushi wake, basi "did" imeitangulia "they".

Mama Zuhura, nitakujia.

KaraniShimanzi

Maalim, hii ya kurudisha "not" nyuma imenifungua. Nimeijaribu kwenye barua nyingine tatu za kwenye faili na imekubali. Lakini ile ya tatu bado. Kama "not until" ndiyo yenye ukanushi, mbona kilichopinduka ni "was the container released" kule mwisho, na "the storage charges had been paid" ikaachwa? Mwenzangu hapa ofisini angeandika "Not until had the storage charges been paid the container was released".

MaalimMstaafu

Mwenzako hayuko peke yake. Hilo ndilo kosa nililolisahihisha kuliko yote katika mlango huu.

Jiulize ni kitu gani hasa kilicholetwa mbele. Si neno "not" wala maneno "not until". Ni kishazi kizima: "Not until the storage charges had been paid". Hicho ni mzigo mmoja, umefungwa kama ndani ya kontena moja, nacho kinajibu swali moja tu: lini? Kilichomo ndani kina mpangilio wake wa kawaida, kiima kisha kitenzi, na hakiguswi. Kinachoguswa ni kishazi kikuu kilicho nje, kile kinachosema ni nini kilichokuwa hakijatokea mpaka wakati huo. Kwa hiyo soma mpaka mzigo uishe, hapo "paid", ndipo upindue kinachofuata.

Kwa "hardly" mambo ni tofauti, na ndipo penye jibu la Mama Zuhura. Katika "Hardly had the ferry left Likoni when it started to rain", kilicholetwa mbele ni neno moja, "hardly". Limetoka ndani ya kishazi kikuu chenyewe, "the ferry had hardly left", basi kishazi hicho hicho ndicho kinachopinduka, papo hapo. Kile cha "when" kinabaki kama kilivyokuwa.

Mwambie binti asijiulize "ni nusu ya kwanza au ya pili?" Ajiulize "kilicholetwa mbele kinaishia wapi?" Kikiisha, pindua.

Na "no sooner" kufuatwa na "than" ni kwa sababu "sooner" ni neno la kulinganisha, sawa na "bigger" au "later", na Kiingereza kinapolinganisha hivyo hutumia "than". "Hardly" na "scarcely" hazilinganishi chochote, nazo zafuatwa na "when". Utawasikia Waingereza wenyewe wakisema "hardly... than", na maandishini imo pia, lakini kwenye mtihani asiijaribu.

MamaZuhura_Kisauni

Mola akuzidishie, maalim. Nimemsomea, akauliza mwenyewe: kama ni "never" na hakuna "had" wala "was" ndani ya sentensi? Alipewa "The owner never paid the charges", aianze na "Never". Akaandika "Never did the owner paid the charges".

KalamuNyeusi

Hiyo naijua. "Did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake tupu: "Never did the owner pay the charges". Ni kama kwenye swali, huulizi "Did the owner paid?" Ukikwama popote kwenye mpinduo, geuza kishazi kiwe swali, ukitazame, kisha uondoe alama ya kuuliza.

Na nyongeza kuhusu "not only": mkumbuke inapinduliwa pande zote mbili ili sentensi ilingane. "Not only was the seal broken, but also were three cartons missing." Wakili wa karani ameacha upande wa pili, nadhani alipitiwa.

MaalimMstaafu

Kwenye swali, Kalamu amesema vizuri na sina la kuongeza. Kwenye "not only", hapana. Wakili hakupitiwa. Upande wa "but" hauna ukanushi wowote; wenyewe wasema tu kwamba katoni tatu hazikuwamo. Ulikopinduliwa ni kule ulikoletwa mbele ukanushi, basi. "But three cartons were missing as well", au "but three cartons were also missing", zote mbili ni safi.

Tena "not only" haipindui kila mahali. Ikiunganisha viima viwili yakaa kimya: "Not only the seal but also the lock was broken." Hapa ni ile hadithi ya sentensi ya tano. Kiima kiko mahali pake.

Mwongoza_Diani

Hamjambo nyote. Mimi natembeza wageni ufukweni Diani, na wengi wangu ni Wajerumani, kwa hiyo Kijerumani nakisema kila siku. Kusoma uzi huu nimeshangaa kidogo, maana kwa Wajerumani kupindua ni jambo la kawaida kabisa. Ukianza na kitu chochote kisichokuwa kiima, kitenzi kinatangulia kiima. "Heute gehe ich nach Mombasa", yaani leo naenda Mombasa, na neno kwa neno ni "leo naenda mimi". Hakuna ukanushi hapo. Hii ya Kiingereza na ile ya Kijerumani ni jambo moja?

MaalimMstaafu

Asili yake ni moja, na umeleta kitu kinachofaa. Kiingereza cha kale kilikuwa na tabia hiyo pia kwa upana mkubwa: likianza neno la wakati au la mahali, mara nyingi kitenzi kilifuata kabla ya kiima. Baadaye Kiingereza kikatulia kwenye kiima kwanza, kitenzi baadaye, na ile tabia ya zamani ikabaki kwenye vikonyo vichache. Kikubwa zaidi ni hiki cha ukanushi. Kingine ni mfano wa "Here comes the ferry".

Tofauti iko hapa, nawe ujihadhari nayo kwa sababu ya Kijerumani chako: Mjerumani hukipeleka mbele kitenzi chenyewe, "gehe". Kiingereza cha leo, baada ya ukanushi, hupeleka mbele kisaidizi tu, na kama hakipo hukiazima "do". Zamani waliweza kuandika "Never saw I", lakini "do" ilianza kuenea kwa nguvu karibu na karne ya 16, na leo ni "Never did I see" au "Never have I seen". Kitenzi "be" ndicho pekee kinachojitegemea: "Rarely is he late".

Mwongoza_Diani

Kweli, "never saw I" ingenitoka mdomoni bila kufikiri. Lakini wageni wangu Waingereza siwasikii wakisema "never have I" wakati wa kifungua kinywa. Husema "I've never seen" tu.

Mtetezi_Mvita

Kwa sababu si lugha ya kifungua kinywa. Mimi ni mwanasheria, na niseme upande wa wanaoziandika barua hizi. Anayepindua huwa ameamua kuuweka ukanushi mahali ambapo msomaji hawezi kuupita. "Our client did not at any time receive notice" na "At no time did our client receive any notice" zina madai yale yale. Ya pili yaanza na lile ambalo mahakama itaulizwa iamue. Naitumia pale ambapo upande wa pili utakana, na siitumii pengine. Barua yenye mipinduo mitatu katika aya moja, kama hii ya karani, kwangu ni nyingi. Ningebakiza ya kwanza, na ile ya tatu ningeiandika kwa mpangilio wake wa kawaida.

Nimeona pia watu wakikosea hapa: "At no time did our client not receive notice." Mwandishi alitaka kukanusha kwa nguvu, na amesema mteja hakukosa ilani hata siku moja. Ameibomoa kesi yake kwa neno moja.

MaalimMstaafu

Kosa hilo lina chimbuko kwetu. Kiswahili kinataka ukanushi ukae kwenye kitenzi hata kama "kamwe" imeshatangulia: kamwe hakupokea. Kwa Kiingereza ukanushi ukishaenda mbele, kitenzi kinabaki cha kuyakinisha, na neno linalofuata ni "any", si "no": "At no time did our client receive any notice". Ndivyo wakili wa karani alivyoandika.

Kuhusu idadi sikubaliani nawe, Mtetezi. Ya tatu kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inamlazimisha msomaji apite kwenye malipo kabla hajafika kwenye kontena. Mteja alilipa kwanza, ndipo akapewa mzigo uliokwisha haribika. Mpangilio wa maneno unafuata mpangilio wa dhuluma.

Mtetezi_Mvita

Jaji anayesoma faili arobaini hataki nguvu, maalim, anataka kumaliza. Lakini nimekusikia.

KaraniShimanzi

Niulize kitu kingine kuhusu mkato, kwa kuwa naona wakili ameuweka baada ya "Not long afterwards" na hakuuweka baada ya "At no time". Ni mapenzi yake, au una kazi?

MaalimMstaafu

Una kazi. Ukanushi ukiwa wa sentensi nzima, kile kilicholetwa mbele kimeshikamana na kisaidizi, na hapo katikati hapawekwi mkato. Ukiwa umefungiwa ndani ya kijisehemu, kijisehemu hicho kimesimama pembeni, na mkato waonyesha hivyo. Mara nyingine mpinduo na mkato ndivyo pekee vinavyotenganisha maana mbili zinazopingana. Tazama hizi, wewe ni mtu wa bandari utazihisi:

With no agent would this cargo have been safe.
With no agent, this cargo would have been safe.

Ya kwanza: hakuna wakala yeyote ambaye angeuokoa mzigo huu. Ya pili: kama wakala asingekuwapo, mzigo ungekuwa salama. Katika ya kwanza wakala hana lawama, katika ya pili lawama ni yake yote. Rudisha ukanushi nyuma uone: "This cargo would not have been safe with any agent" ndiyo maana ya ya kwanza, na haiwezi kuwa ya pili.

Mwanaisimu Edward Klima, mwaka 1964, alizitenganisha aina hizi mbili za ukanushi kwa vipimo vya namna hii. Kimoja chake ni rahisi, ongeza mtu wa pili mwishoni. "At no time did our client receive any notice, and neither did we": yakubali "neither", basi sentensi nzima ni ya kukanusha. "Not long afterwards, the container was moved, and so was the trailer": hapa yataka "so", basi sentensi ni ya kuyakinisha, japo imeanza na "not".

MamaZuhura_Kisauni

Hiyo ya "neither" na "so" Zuhura ameipenda kuliko ya kurudisha "not". Asema aweza kuifanya kichwani mtihani ukiendelea.

MaalimMstaafu

Aitumie, ila asiitegemee kwenye "not only". "Not only was the seal broken, and neither..." Haiendi popote. Kwa hiyo moja arudi kwenye kurudisha "not".

KalamuNyeusi

Maalim, na "only" bila "not"? "Only after the inspection was the damage discovered." Imepinduliwa, na hakuna "not" ya kurudisha popote. Kipimo chako hakina pa kushika.

MaalimMstaafu

Kweli. "Only" imebeba ukanushi tumboni: baada ya ukaguzi, na si kabla. Pia ina tabia zote tulizozitaja. "Only Juma has the key" haipinduki, maana Juma ni kiima. "Only when the seal was cut did they see the damage" yapinduka mwishoni, mzigo ukishafungwa. Kipimo cha kalamu ndicho sina kilichonyooka.

KalamuNyeusi

Mimi najaribu hiki: weka "not" kwenye kitenzi, halafu "only" igeuze kuwa "except". "The damage was not discovered except after the inspection." Yakubali, basi pindua. Sasa chukua "In only two days the container was cleared". Ukisema "The container was not cleared except in two days" haina maana, basi usipindue. Hapo "only two days" ni kusifia upesi tu, kama "in no time".

MaalimMstaafu

Kwa hizo mbili kimefanya kazi, nami nitakijaribu kwenye nyingine kabla sijakipa mtu wa mtihani. Kitu kitakachokisumbua ni "only yesterday". "Only yesterday did we receive the bill" maana yake hatukuipata kabla ya jana, na hiyo yapita kwenye kipimo chako. "Only yesterday we received another bill" maana yake ni juzijuzi tu, jana hiyo hiyo, na hiyo haipinduki. Maneno ni yale yale mawili, na mtu asiyejua aliyeandika alikusudia nini hawezi kupima chochote.

Mtetezi_Mvita

Mimi hiyo ya pili ningeipindua pia kwenye barua rasmi. Nimeshaiandika hivyo mara nyingi na hakuna aliyelalamika.

MaalimMstaafu

Hawakulalamika kwa sababu walisoma maana nyingine, nayo haikuwadhuru. Siku ambayo tarehe ya kupokea bili ndiyo kesi yenyewe, watalalamika.

Mtetezi_Mvita

Siku hiyo nitaandika tarehe yenyewe, sitaandika "yesterday".

KaraniShimanzi

Nimechukua mpaka hapo kwenye "with no agent", na nimeichapisha kwa ajili ya mwenzangu. Hiyo ya "only" naiacha wazi humu. Kalamu, ukipata sentensi inayokivunja kipimo chako cha "except", iweke hapa hapa.

KalamuNyeusi

Nimeshapata moja tayari. "Only too often is the seal found broken." Nimeiona imeandikwa kwa kupinduliwa na bila kupinduliwa, na "except" haiingii kabisa.